Barua pepe ya mfanyabiashara mdogo ambayo mwandishi wa habari huifungua

Kwa miaka tisa nilikaa kwenye dawati la biashara la gazeti moja la Dar es Salaam, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupitia barua pepe kwenye simu kabla ya kikao cha habari cha saa tatu. Nyingi kati ya hizo zilitoka kwa wenye biashara ndogo: washonaji, wasindikaji wa karanga, watengenezaji wa sabuni, vijana wenye programu za simu, vikundi vya akina mama. Sehemu kubwa ya barua hizo sikuzifungua kabisa, na zipo ambazo najua sasa kwamba zilibeba habari nzuri kuliko zile tulizochapisha siku hiyo. Jambo hilo limenikaa moyoni, ndiyo maana naandika haya kwa urefu, nikieleza kinachotokea upande wa pili baada ya mwenye biashara kubonyeza kitufe cha kutuma.

Simu inaonyesha vitu vitatu tu kabla barua haijafunguliwa: jina la mtumaji, kichwa cha barua, na maneno machache ya mwanzo wa barua yenyewe. Kichwa nacho hukatwa baada ya maneno sita au saba. Kwa hiyo mwandishi anaamua kwa kutazama mstari mmoja na nusu, naye kwa kawaida yuko ndani ya daladala au yuko kwenye foleni. Hapo ndipo barua rasmi tuliyofundishwa shuleni inapotuumiza. Tulifundishwa kuanza na YAH: kwa herufi kubwa, kisha salamu, kisha sentensi ile inayojulikana na kila aliyewahi kuandika barua ya kuomba kazi: “Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.” Kwenye karatasi sentensi hiyo haina madhara, lakini kwenye simu inameza nafasi yote iliyokuwa wazi. Kuna asubuhi nilizohesabu barua tano zilizofuatana ambazo kwenye kioo zilifanana neno kwa neno, ingawa zilitoka kwa watu watano wasiojuana na wenye biashara tano tofauti.

Mojawapo ya barua za namna hiyo ilitoka kwa mama mmoja wa Mwanza anayeuza dagaa wakavu. Nitaifuata barua yake mwanzo hadi mwisho kwa sababu ilinifundisha zaidi kuliko nyingine. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na kiasi cha fedha kinachotajwa humu kichukuliwe kuwa cha mfano. Kichwa cha barua yake ya kwanza kilikuwa “YAH: OMBI LA USHIRIKIANO”. Ndani yake, kama nilivyokuja kuona baadaye, aliandika kwamba kikundi chao ni “kikundi kinachokua kwa kasi, kinachojishughulisha na uzalishaji wa bidhaa bora za dagaa zenye viwango vya kimataifa”, na kwamba wanaliomba gazeti liwaandikie makala ili jamii iwatambue. Aliambatanisha wasifu wa kikundi wa kurasa kumi na nne, nembo, na picha za vyeti vitatu. Barua hiyo ilikaa kwenye simu yangu wiki mbili bila kufunguliwa.

Haikuwa dharau. Ili kuelewa sababu inafaa kujua kikao cha saa tatu kinavyokwenda. Kila mkuu wa dawati anapewa dakika moja au mbili kueleza alichonacho kwa ajili ya kesho, na anakieleza kwa mdomo, mbele ya wenzake ambao kila mmoja anagombea ukurasa. Anatakiwa kusema kwa sentensi moja kitu gani kimetokea na kinamgusa nani. Mhariri mkuu wangu alikuwa na maswali mawili asiyoyaacha. La kwanza lilikuwa kwa nini iandikwe leo na si mwezi ujao, na la pili lilikuwa msomaji wa Mbeya ambaye hatanunua bidhaa hiyo maishani mwake anapata nini akiisoma. Mwandishi akishindwa maswali hayo, habari yake inaondoka mezani hata kama mwenye biashara ni mchapakazi na bidhaa yake ni nzuri. Sasa mtu aingie kwenye kikao hicho na sentensi gani, akiwa ameshika “bidhaa bora za dagaa zenye viwango vya kimataifa”? Barua inayofunguliwa ni ile ambayo mwandishi, akiitazama tu, anaona tayari sentensi atakayoisema kikaoni.

Ombi la “kutuandikia ili tutambulike” lina tatizo lingine, maana kwa lugha ya chumba cha habari hilo ni tangazo. Gazeti lina idara ya matangazo yenye bei zake kwa ukubwa wa nafasi, na barua ya namna hiyo hupelekwa huko bila mtu kukusudia ubaya. Siku mbili baadaye mwenye biashara anapokea orodha ya bei, naye anaamini kwamba ameombwa fedha ili aandikwe. Nimewahi kupigiwa simu na watu waliokuwa na uchungu kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza tofauti. Tangazo husema kile ambacho mwenye biashara anataka kijulikane. Habari husema kile ambacho msomaji anahitaji kukijua, na mwenye biashara anaingia ndani yake kama shahidi au kama mfano, pengine katika aya ya sita.

Mama yule hakusubiri barua yake ijibiwe, akapiga simu ofisini, na bahati ikawa kwamba mimi ndiye niliyeipokea.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nilituma barua pale kwenu, nimeona kimya.”

Nilimwomba radhi na nikamuuliza biashara inaendaje. Akajibu kwamba kwake haikuwa mbaya sana, lakini wenzake wa pale mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, walikuwa na msiba, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na dagaa wao wote walikuwa wamekwenda kwa kuku. Nikamuuliza kwa nini wa kwake hawakwenda kwa kuku.

“Wangu wako juu, mwanangu, hawagusi mchanga. Mvua ikija ninafunika.”

Nilichukua kalamu. Katika dakika mbili za mazungumzo ya kawaida alikuwa amenipa kilichokosekana katika barua yake na katika kurasa zote kumi na nne za wasifu. Jambo hili nimeliona mara nyingi sana: mfanyabiashara anayo habari mdomoni, lakini akikaa kuandika anavaa lugha ya ofisi, na ile habari inabaki nje ya barua.

Kwa asiyejua dagaa wa Ziwa Victoria, inafaa nieleze kwa nini sentensi ile ilinishtua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Asubuhi dagaa huanikwa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa wamekuwa wakianikwa chini, juu ya mchanga au juu ya nyavu zilizotandazwa ardhini. Jua likiwaka wanakauka vizuri, ingawa wanabeba mchanga. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka wanaanza kuoza na kubadilika rangi, na hapo mnunuzi wa chakula cha watu anawakataa, mwenye dagaa anabaki na mnunuzi mmoja tu, yule wa chakula cha mifugo, ambaye bei yake iko chini sana. Njia nyingine ni kichanja, yaani jukwaa la miti lililotandikwa wavu, ambapo hewa inapita juu na chini na turubai linatandazwa haraka. Wataalamu wa uvuvi wamekuwa wakikihimiza kwa muda mrefu. Soko la Kirumba Mwaloni pale Mwanza linalisha dagaa mikoa mingi na nchi jirani, kwa hiyo kinachotokea kwenye mchanga wa mwalo mmoja kinafika kwenye sufuria za watu walio mbali sana, hata huyo msomaji wa Mbeya.

Nilimwomba aniandikie upya, aandike kama alivyonieleza kwenye simu, asiambatanishe kitu isipokuwa picha mbili, na aweke mtu mwingine wa kuzungumza naye ambaye si wa kikundi chake. Barua iliyokuja kesho yake ilikuwa hivi:

“Kichwa: Mvua Kirumba: dagaa wa mchangani wameenda kwa kuku

Ndugu Mhariri, wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili, na wenzetu walioanika mchangani waliuza ndoo moja kwa shilingi 14,000 kwa watu wa chakula cha kuku. Sisi wanawake 12 wenye vichanja tuliuza ndoo hiyohiyo kwa shilingi 27,000 kwa watu wa chakula cha nyumbani. Tulianza vichanja mwaka jana mwezi wa tatu. Kichanja kimoja cha mirunda na nyavu kuukuu kilitugharimu shilingi 85,000 pamoja na fundi. Ninalo daftari la mauzo tangu siku ya kwanza na mnaweza kulipiga picha. Yupo mwenzetu alijenga kichanja akakibomoa baada ya miezi miwili, amekubali kueleza kwa nini. Tunaanika kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi. Wiki hii ni giza tupo kila siku, wiki ijayo ni mbalamwezi hamtatukuta. Simu yangu ipo hapo chini, baada ya saa sita mchana napokea.”

Ni barua yenye maneno yasiyofika 120, haina sentensi hata moja ya kujisifu, na kichwa chake kingeweza kwenda gazetini karibu kilivyo. Kikikatwa kwenye simu kinabaki “Mvua Kirumba: dagaa wa mchangani…”, na hata hapo mtu anajua kuna mahali, kuna tukio na kuna watu waliopata hasara. Jina la kikundi halipo kwenye kichwa. Wenye biashara wengi wanaona uchungu kuliacha, na naelewa, kwa kuwa jina hilo wamelipigania mpaka likasajiliwa, lakini jina ambalo mwandishi halijui halimwambii chochote. Linafaa kukaa chini, kwenye sahihi.

Sentensi ya kwanza nayo imechukua ile nafasi ya thamani ambayo kwa kawaida huliwa na “husika na kichwa tajwa”. Salamu imebaki kuwa “Ndugu Mhariri” tu, na hiyo inatosha, hakuna mwandishi atakayeona amekosewa heshima. Linalofuata ni jambo lililotokea, lina wakati wake na lina tarakimu mbili zinazolinganishwa. Nasisitiza kulinganishwa, kwa sababu tarakimu moja peke yake haisemi kitu. Mfanyabiashara akiniandikia kwamba anauza ndoo 200 kwa mwezi, sijui kama hizo ni nyingi au ni chache. Akiniambia kwamba mvua ileile ilimpa mtu mmoja 14,000 na mwingine 27,000, ninalo swali ambalo msomaji yeyote atataka lijibiwe.

Tarakimu zenyewe zimekuja na mahali zinapotoka, nalo ni daftari. Barua nyingi nilizopokea zilikuwa na tarakimu nono zisizo na mzazi, kama “tumewafikia watu zaidi ya elfu kumi” au “mapato yameongezeka kwa asilimia mia tatu”. Mwandishi mwenye uzoefu akiona hivyo anajiuliza mara moja asilimia mia tatu ya nini, maana aliyeuza sabuni mbili mwezi uliopita akauza nane mwezi huu naye ameongeza kwa asilimia mia tatu. Daftari la kurasa zenye mafuta ya samaki, lenye tarehe na majina ya wanunuzi, lilinipa imani kuliko wasifu ule wa kurasa kumi na nne. Kama biashara haina daftari, yapo mengine yanayoweza kushika nafasi hiyo, kama risiti za mashine ya kodi, ujumbe wa malipo ya simu, au mkataba na duka. Haihitajiki kuyaambatanisha, inatosha kusema kwamba yapo na mwandishi ataruhusiwa kuyaona.

Lakini sentensi iliyonifanya nisimame kwenye kiti ilikuwa ile ya mwenzao aliyebomoa kichanja. Katika miaka tisa nadhani nilipokea barua zisizozidi nne ambazo mwenye biashara mwenyewe alinionyesha mtu ambaye jambo lake halikumwendea vizuri. Watu huogopa kwamba wakimtaja wataharibu habari yao. Kwa mwandishi inakuwa kinyume chake, kwa kuwa atalazimika kumtafuta mtu huyo hata hivyo, na akimpata mwenyewe baada ya kufichwa ataishuku barua nzima. Katika kisa hiki mtu huyo ndiye aliyegeuza engo ya habari yetu. Alikuwa amepanga sehemu ya kuanikia, analipa kwa siku, na mwenye eneo alikataa miti kuchimbiwa ardhini kwake. Kumbe swali halikuwa tu kichanja kinaleta faida kiasi gani, bali pia nani ana ruhusa ya kusimamisha nguzo kando ya ziwa. Tusingelifikia swali hilo kwa wasifu, kwa vyeti, wala kwa hotuba ya mgeni rasmi.

Uhakiki ulichukua siku mbili na ulipunguza jambo moja katika barua. Mwandishi wetu wa Mwanza alilisoma daftari, akazungumza na wanunuzi watatu wa chakula cha kuku na afisa uvuvi, kisha akauliza bei za wiki ambazo hakukuwa na mvua. Ikaonekana kwamba tofauti ya karibu mara mbili ilikuwa ya wiki za mvua. Jua likiwaka vizuri pengo lilikuwa dogo zaidi, na dagaa wa mchangani walioanikwa mahali safi waliuzwa kwa bei isiyo mbali na ile ya kichanja. Mama yule hakuwa amedanganya, kwani barua yake ilisema wazi kwamba ilikuwa wiki ya mvua. Angeandika kwamba “vichanja huongeza bei mara mbili”, tungegundua upungufu huo na huenda habari ingeanguka papo hapo. Anayetaka kutuma barua ya namna hii achukue tarakimu yake bora kuliko zote na ajiulize ilipatikana katika hali gani, kisha aiandike pamoja na hali hiyo.

Kuhusu nani atumiwe, magazeti yetu mengi yana waandishi wa mikoani ambao hawajaajiriwa na hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Mtu kama huyo anasafiri kwa gharama yake mara nyingi, na habari isipopita dawatini hapati kitu. Ndiye anayehitaji zaidi habari iliyosimama, na ndiye aliye karibu na biashara. Jina lake liko gazetini, juu ya habari za mkoa, na baadhi ya magazeti huchapisha anwani yake ya barua pepe papo hapo. Barua ya Mwanza ikienda kwa mwandishi wa Mwanza, huku dawati la Dar es Salaam likipewa nakala, inakwenda mbali zaidi kuliko ikitumwa kwenye anwani ya jumla ya chumba cha habari, ambayo kuna siku hakuna mtu maalumu anayeisoma. Afadhali pia kusoma habari mbili au tatu za mwandishi huyo kwanza. Nilikuwa nikiandika biashara, lakini nilitumiwa barua za ndondi na za mashindano ya urembo.

Wapo wanaotuma barua moja kwa waandishi arobaini kwa pamoja, na anwani zote zinaonekana juu. Nikiona majina ya wenzangu wa magazeti yote kwenye mstari huo, naihesabu habari hiyo kuwa tayari ni ya kila mtu, na hakuna dawati linalotaka kuwa la tano. Mwenye biashara ndogo anafaidika zaidi akimchagua mmoja, akamwambia kwamba amempa yeye kwanza mpaka siku fulani, na siku hiyo ikipita bila jibu akampelekea mwingine. Hakuna atakayekasirika, huo ni utaratibu unaoeleweka.

Picha mbili zilizokuja na barua ya pili zilikuwa za kazi yenyewe: mwanamke akigeuza dagaa juu ya kichanja kinachomfika kiunoni, na nyuma yake mchanga uliotapakaa dagaa waliolowa. Picha moja ilieleza habari yote. Wengi hutuma picha ya bidhaa kwenye kitambaa cheupe, au ya kukabidhiwa cheti, na mhariri wa picha hana pa kuzipeleka. Jambo dogo la kiufundi: picha iliyopitia Wasapu kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, ikienda kwenye karatasi inaweza kuonekana imefifia, kwa hiyo ni vyema kuituma kwa barua pepe kama ilivyotoka kwenye simu. Majina ya waliomo yaandikwe kuanzia kushoto, na waliomo wawe wamekubali kuchapishwa.

Sasa niseme lile ambalo watu hawapendi kulisema hadharani. Barua nyingi humalizika kwa ahadi kwamba “nauli na posho ya mwandishi itazingatiwa”. Wenyewe huiita ustaarabu, waandishi huiita bahasha. Najua wapo wenzetu wanaoipokea, na najua malipo duni yanavyowasukuma huko, hasa mikoani. Lakini ahadi hiyo ikishaandikwa kwenye barua pepe inabaki hapo, na mhariri yeyote makini akiiona atauliza kama habari imenunuliwa. Mara mbili niliacha habari ambazo pengine zilikuwa za kweli, kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na sikupata namna ya kuwaeleza waliotuma bila kuwaaibisha. Badala ya ahadi hiyo, mwenye biashara aeleze namna ya kufika: daladala gani, kushuka wapi, kutembea dakika ngapi, au aseme ni mambo gani yanaweza kuulizwa kwa simu endapo mwandishi hawezi kufika. Kupunguza ugumu wa safari ni msaada wa halali kabisa. Kikombe cha chai mkifika ni ukarimu wa kawaida, hakihitaji kuandikwa.

Wakati nao una uzito wake. Barua ya mama yule ilikuja mvua ikiwa bado inazungumzwa, na ilitaja siku za giza na siku za mbalamwezi, jambo ambalo mwandishi wa mjini asingelijua mpaka afike mwaloni akute mchanga mtupu. Kila biashara ina kalenda yake ya namna hiyo, na mwenye biashara ndiye anayeijua. Chumba cha habari nacho kina kalenda yake. Katikati ya Juni kurasa za biashara zinajaa bajeti ya serikali, na habari ya biashara ndogo inapenya tu kama inahusu kodi au ushuru uliosomwa bungeni. Kuelekea Sabasaba zinakuja barua nyingi zinazosema “tutashiriki maonesho”, na kushiriki peke yake si habari kwa sababu wanaoshiriki ni wengi mno. Wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya ofisi nyingi zimefungwa, wasemaji hawapatikani, na mhariri anatafuta kwa tochi kitu cha kujaza ukurasa. Habari nyingi za wajasiriamali nilizowahi kuzipa ukurasa mzima zilipata nafasi hiyo siku hizo. Kwa siku za kawaida, barua ya asubuhi na mapema hukutwa kabla ya kikao, na ile ya saa kumi na mbili jioni humkuta mhariri akifunga kurasa, nayo kufikia kesho imeshafunikwa.

Asiyejibiwa anaruhusiwa kukumbusha, na siku tatu au nne ni muda wa haki. Ukumbusho mzuri ni jibu fupi chini ya barua ileile, likiwa na kitu kipya kilichotokea tangu siku ile. “Naomba kujua kama mmeipata barua yangu” humlazimisha mwandishi kujibu bila kumwongezea kitu. “Jana mvua imenyesha tena na wawili zaidi wamejenga vichanja” ni habari inayoendelea.

Habari yetu ilitoka Jumanne, nusu ukurasa, pamoja na ile picha ya kichanja. Jina la kikundi lilikuwa aya ya saba, na mama alinipigia kuuliza kwa nini limekaa chini hivyo. Nilimweleza kuhusu msomaji wa Mbeya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtu wa Kahama ameshampigia akitaka kujua vipimo vya kichanja, hakuuliza kabisa bei ya dagaa, na sasa afanyeje na mtu kama huyo. Nikamwambia ampe vipimo.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa kwenye ngazi za ofisi, lifti ikiwa mbovu, simu ikatikisika mfukoni. Jina lake lilikuwepo juu, na chini yake kichwa cha barua: “Jua limerudi, bei zimelingana Kirumba.” Niliifungua hapohapo, na mwandishi wetu wa Mwanza alikuwa mwaloni kesho yake saa moja asubuhi.